Barua kwa wakulima wa mahindi, tambarare ya Moshi: uamuzi wa kuchoma mabua hufanyika sasa, si Februari

Bwana Shamba wa Tambarare (mwanzisha uzi)

Ndugu wakulima wa ukanda wa chini, kuanzia Himo na Uchira kushuka hadi Kahe,

Barua hii nimekwisha kuibandika kwenye mbao za matangazo za vijiji ninavyovihudumia, lakini wengi wenu mnaishi vihambani huko juu na mnashuka shambani siku za kazi tu, kwa hiyo naiweka na hapa. Inahusu mahindi peke yake. Sizungumzii kahawa wala migomba, kwa kuwa huko kutandaza majani chini ya shina ni jambo ambalo bibi zenu walilijua kabla sijazaliwa.

Kila Februari nikipita barabara ya Himo naona moshi. Mtu anasafisha shamba kabla ya masika, anakusanya mabua yaliyobaki, anayapiga kiberiti, na jioni ardhi ni nyeusi na tupu. Nikimsimamisha na kumwambia asichome, hunijibu kwamba mabua yenyewe yamebaki machache na yametapakaa ovyo, sasa ayafanyie nini? Jibu hilo ni la haki. Ikifika Februari mabua mazuri yamekwisha kupanda mlimani kwa ng'ombe, mengine yameliwa na mifugo inayopita, mengine na mchwa, na kinachochomwa ni makombo. Ndiyo maana naandika sasa, wakati wa kuvuna.

Niwawekee hesabu ya ekari moja. Tuseme umepata magunia kumi ya kilo mia, yaani tani moja ya punje. Mahindi yetu hutoa mabua yenye uzito unaolingana na punje au kuzidi kidogo, kwa hiyo shambani umebaki na mabua makavu ya tani moja na ushei. Ili matandazo yazuie matone ya mvua yasipige udongo na yapunguze jua kukausha unyevu, yanatakiwa kufunika angalau asilimia 30 ya ardhi siku ya kupanda, na kwa mabua ya mahindi hilo linahitaji tani mbili na nusu hadi tatu kwa hekta. Ukiigeuza kuwa ekari, ni tani moja au zaidi kidogo. Maana yake ni kwamba mavuno ya magunia kumi yanatoa matandazo ya kutosha ekari hiyohiyo kwa shida, na hapo ni endapo ng'ombe hataonja hata jani moja.

Najua ng'ombe ataonja. Kwa hiyo siwaombi mfunike ekari nzima, na yeyote aliyewahi kuwaagiza hivyo hakukaa chini kupiga hesabu. Ninachoomba ni hiki. Mkishavuna, kateni bua juu kidogo ya pale gunzi lilipokuwa. Sehemu ya juu pamoja na majani ndiyo ng'ombe anayoila vizuri; sehemu ya chini, ile nene na ngumu, hata mkimpelekea huibakiza chini ya hori na mnaishia kuitupa kwenye samadi. Hiyo ya chini ibaki shambani. Mkikusanya mabua ya chini ya ekari nzima mkayatandaza kwenye nusu ekari, mtafikia ule ufunikaji niliousema. Chagueni nusu yenye mteremko au ile inayowahi kunyauka mvua ikikatika mwezi wa tano.

Kupima si lazima kuniita. Chukueni kamba ya mita 10, pigeni fundo kila sentimita 10, mpate mafundo mia moja. Ilazeni kamba kwa mshazari ikikatiza mistari, kisha hesabuni mafundo yaliyokaa juu ya bua au jani. Mafundo thelathini ni asilimia thelathini. Rudieni sehemu nne za shamba mchukue wastani, na msichague sehemu zilizopendeza, kwa maana nimemwona mtu akijidanganya mwenyewe kwa kamba yake mwenyewe.

Kuhusu moto wenyewe nitasema machache. Mabua ya tani moja yana naitrojeni ya kilo sita hadi saba. Yakiungua, sehemu kubwa ya hiyo hupanda na moshi, salfa nayo vivyo hivyo. Mfuko wa yurea wa kilo 50 una naitrojeni kilo 23, kwa hiyo kiberiti kimoja kinateketeza kiasi mnachokinunua katika karibu theluthi ya mfuko. Lakini sitaki kuwadanganya kwamba mkitandaza mnaipata theluthi hiyo msimu uleule. Hamuipati. Mwaka wa kwanza mnaweza hata kupungukiwa, na hapa ndipo watu wengi huvunjika moyo, nami nilikuwa mmoja wao.

Miaka kadhaa iliyopita nilisimamia shamba darasa katika kijiji kimoja cha ukanda huu. Tuligawa shamba katikati, upande mmoja ukachomwa kama kawaida, upande mwingine nikawaambia watu wayachanganye mabua na udongo kwa jembe ili yaoze haraka. Wiki ya nne baada ya kuota, mahindi ya upande wangu yalikuwa na rangi ya ndimu iliyoiva, majani ya chini yakianza kugeuka manjano kutoka ncha kuelekea katikati, na upande uliochomwa ulikuwa kijani kibichi. Wakulima walinitazama bila kusema neno. Kosa lilikuwa langu. Vijidudu vinavyoozesha mabua vinahitaji naitrojeni, na mabua yenyewe hayana ya kuvitosha, kwa hiyo vinaichukua kwenye udongo kabla mizizi haijaifikia. Ukiyafukia, vinayashambulia yote kwa mpigo. Ukiyaacha juu ya ardhi, ni ule upande unaogusa udongo tu unaooza, tena polepole. Kwa hiyo tandazeni, msifukie. Kwenye sehemu iliyotandazwa, robo ya yurea yenu wekeni mapema, siku kumi hadi kumi na nne baada ya mahindi kuota, badala ya kusubiri mahindi yafike magotini. Sogezeni bua, wekeni mbolea kwenye kitundu kando ya shina, fukieni, rudisheni bua. Yurea ikirushwa juu ya matandazo hugeuka hewa na kupotea. Mkisikia harufu kali kama ya mkojo asubuhi yake, jueni imeondoka.

Wenu katika kazi.

---

Mkulima wa Uchira

Bwana Shamba, nimekusoma mpaka mwisho na nakushukuru, ila mimi nimelima shamba la baba yangu kwa miaka ishirini na tano na macho yangu yanaona vingine. Pale tunapochomea lile lundo la mabua, mwaka unaofuata mahindi huwa marefu kuliko shamba lote, mtu akipita barabarani anaona duara la kijani. Kama moto unaharibu, lile duara linatoka wapi? Majivu ni mbolea, wazee walijua.

Bwana Shamba wa Tambarare

Duara hilo ni la kweli, kaka, nimeliona mara nyingi. Potasiamu haipandi na moshi, wala fosforasi kwa sehemu kubwa, hivyo vyote hubaki kwenye majivu, na majivu hupunguza uchachu wa udongo. Lakini jiulize lile lundo lilikusanywa kutoka wapi. Umekomba chakula cha robo ekari ukakiweka mahali penye upana wa chumba kimoja. Duara linanenepa kwa mali ya sehemu zilizolizunguka. Na kama majivu hayo yametapakaa juu ya ardhi tupu, mvua ya kwanza ya masika, ambayo kwetu huja kwa kishindo, huyasomba hadi mtaroni.

Mkulima wa Uchira

Hapo kwenye kukomba nimekuelewa. Lakini na funza wa bua je? Bwana shamba aliyekuwepo kabla yako alituagiza tuchome kwa sababu funza anajificha ndani ya bua hadi msimu mwingine. Leo wewe unasema tusichome. Tumfuate nani?

Mama wa Kihamba

Naomba niingie kidogo, mimi si mtaalamu, ni mama wa ng'ombe wawili wa maziwa huko juu Kirua. Nasoma hapa "mabua yabaki shambani" na moyo unanienda mbio. Kuanzia mwezi wa nane mpaka mvua zinarudi, ng'ombe wangu wanakula majani ya migomba na mabua kutoka chini, hakuna kingine. Mwaka jana tulichanga akina mama wanne tukakodi gari, tukanunua mabua ya shamba zima, na nauli ilizidi bei ya mabua yenyewe. Mkitandaza yote, sisi tutanunua wapi? Na samadi hiyo si ndiyo inayorudi kwenye migomba?

Bwana Shamba wa Tambarare

Shikamoo mama. Barua yangu inakupunguzia mzigo wa gari, haikunyang'anyi chakula. Safari ijayo mwambie mwenye shamba mnanunua sehemu ya juu peke yake. Gari lilelile litabeba kile kinacholiwa, badala ya kubeba magogo ambayo ng'ombe atayakanyaga. Bei mtapatana, na ninakubali kwamba muuzaji anaweza kudai bei ileile.

Ila swali lako la samadi lina uchungu wake. Mabua yanapanda, samadi inabaki kwenye kihamba, na shamba la chini halipati kitu kurudi. Kihamba kinanawiri kwa mgongo wa tambarare, kama lile duara la kaka wa Uchira.

Mama wa Kihamba

Marahaba, mwanangu. Na nani atashusha samadi kwa nauli ile? Hilo hujalijibu.

Udongo na Maji

Nimefanya kazi ya majaribio ya kilimo hifadhi upande wa Arumeru, kwa hiyo naomba nimjibu ndugu wa Uchira kuhusu funza, kwa kuwa yule bwana shamba wa zamani hakukosea. Funza wa bua hujificha kwenye bua wakati wa kiangazi, na ndiyo, moto humuua. Lakini kinachomlinda humo ndani ni kivuli na ubaridi wa bua lililosimama au lililolundikwa. Ukiyakata mabua na kuyalaza chini, moja moja, juani, kwa muda wa mwezi mmoja baada ya kuvuna, joto na ukavu huwaua wengi wao. Lile lundo lililoegemezwa kwenye mti kama akiba ya ng'ombe ndilo hatari zaidi, hasa sehemu ya ndani yake isiyopigwa na jua.

Kwa upande wa viwavijeshi vamizi, hawa walioingia nchini mwaka 2017, moto hausaidii kitu cha maana. Buu wao hujichimbia kwenye udongo, sentimita chache chini, na moto wa mabua hupita juu kwa dakika chache tu. Watu wengi wanachanganya wadudu hawa wawili, wanachoma kwa ajili ya mmoja wakidhani wamemkomesha mwingine.

Nyongeza moja kwa mwanzisha uzi: umesahau ndago. Matandazo huzuia magugu mengi yanayoota kwa mbegu, lakini ndago hutoboa na kupita kana kwamba hakuna kitu, na sangari hutambaa chini yake kwa raha zote. Mtu mwenye ndago akidhani matandazo yatamwondolea palizi atalaani siku aliyoisoma barua hii.

Bwana Shamba wa Tambarare

Ni kweli, nimesahau, na nimeshalaaniwa mara moja kwa sababu hiyohiyo. Mwenye ndago aanze kwanza kuing'oa pamoja na viazi vyake kwa misimu miwili, au achague sehemu nyingine ya shamba.

Mtoto wa Simiyu

Wakuu, mbona mnatuchanganya? Huku kwetu kwenye pamba sheria inasema masalia yang'olewe na kuchomwa, na usipofanya unatozwa faini. Leo naona afisa wa serikali hiyohiyo anasema tusichome. Serikali ina kauli ngapi?

Udongo na Maji

Ndugu yangu, soma aya ya kwanza ya barua, anazungumzia mahindi. Kwenye pamba kuna funza anayevuka msimu ndani ya vitumba vilivyobaki kwenye mti, na usipokatisha mzunguko wake kijiji kizima kinaumia, ndiyo maana ni sheria. Chomeni pamba yenu kwa amani.

Binti Ngarenanyuki

Mimi nalima nyanya huku Meru. Baada ya kusoma uzi huu jana nilimzuia kijana wangu asichome masalia ya nyanya za msimu uliopita, nikamwambia ayatandaze chini ya miche mipya. Msimu uliopita kantangaze ilitutesa sana. Nimefanya vizuri?

Bwana Shamba wa Tambarare

Dada, samahani, yaondoe leo kabla jua halijazama. Majani ya nyanya yaliyoliwa na kantangaze bado yana viwavi na mabuu wake, na wewe umewawekea chakula kipya juu ya vichwa vyao. Kama kulikuwa na mnyauko pia, ugonjwa nao umeuhamisha. Masalia ya nyanya yenye ugonjwa au mdudu yachomwe, au yafukiwe kwenye shimo refu mbali na kitalu. Kama unataka matandazo chini ya nyanya, tumia majani makavu ambayo hayajatoa mbegu, au mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa, na uyaache mbali na shina kwa upana wa kiganja.

Binti Ngarenanyuki

Nimempigia simu kijana, ameshaanza kuyakusanya. Mungu ni mwema kwamba niliuliza.

Mzee wa Kahe

Nimewasoma vijana wangu kwa utulivu. Huku Kahe tatizo letu ni moja, nalo ni mchwa. Mwaka juzi nilishawishika nikatandaza mwezi wa tisa, vizuri kabisa, shamba likafunikwa kama mkeka. Kufika mwezi wa pili nilikuta viganda vya udongo tu, vile vifuniko vya mchwa vyenye umbo la bua, ukivikanyaga vinavunjika na ndani hakuna kitu. Kamba yako ya mafundo ingenipa sifuri. Sasa mwenzako anasema tuyalaze chini mwezi mzima ili funza afe. Wewe unasema yawepo siku ya kupanda. Yatakuwepoje, yakiwa yamelazwa chini kwenye kinywa cha mchwa?

Bwana Shamba wa Tambarare

Shikamoo mzee wangu. Umeshika mahali ambapo ushauri wetu unagongana, na sitajaribu kulificha.

Utaratibu ninaoujua ni wa hatua mbili. Baada ya kuvuna, mabua yalale juani wiki nne, kwa kuwa wakati huo bado ni wa ukavu na joto, na mchwa hawafanyi kazi sana kwenye udongo ulio wazi kwa jua kali. Baada ya hapo yakusanywe na yasimamishwe, yakiegemezwa kwenye uzio au kwenye mti, juu ya mawe au magogo ili yasiguse udongo moja kwa moja. Yakaguliwe kila baada ya wiki mbili, na ile mistari ya udongo inayopanda ibomolewe. Mwisho yatandazwe mwezi wa tatu mwanzoni, siku chache kabla ya kupanda. Funza akishakufa juani, kuyasimamisha hakuna madhara tena.

Hata hivyo, matandazo yakishawekwa mchwa watayala, hilo halizuiliki. Faida ndogo ni kwamba mchwa wengi wa huku hupendelea bua kavu kuliko hindi bichi, kwa hiyo shamba lenye mabua chini mara nyingi hukatwa mahindi machache kuliko shamba tupu. Nasema mara nyingi. Si kila mchwa na si kila shamba.

Mzee wa Kahe

Marahaba. Ulichokieleza ni kazi ya kuyagusa mabua mara tatu. Kukata na kulaza, kukusanya na kusimamisha, kisha kutandaza. Mimi na mke wangu tumebaki wawili nyumbani, watoto wako mjini. Kibarua wa siku moja namlipa kwa pesa ambayo ningenunulia ile theluthi yako ya mfuko wa yurea, tena ibaki chenji. Kiberiti ni shilingi mia.

Bwana Shamba wa Tambarare

Mzee, kwa hesabu ya yurea peke yake umenishinda. Ukiona ekari ni kubwa, fanya robo ekari, ile inayokauka kwanza. Faida utakayoiona mapema ni unyevu, si naitrojeni. Mvua ikikatika katikati ya Mei wakati mahindi yanatoa mbelewele, inua bua, chomeka kidole kwenye udongo chini yake, kisha chomeka mita mbili pembeni pasipo na bua. Kama vidole viwili havikwambii tofauti, nitakubali kwamba kwako hailipi.

Mkodishwaji

Mimi nimekodi ekari tatu pale njia ya kwenda Mabogini, na nakodi kwa msimu mmoja mmoja. Mwaka huu nitatandaza, mwakani mwenye shamba atampa mwingine aliyemwongezea elfu ishirini, na yeye ndiye atakayevuna udongo wangu. Na kabla hata ya hapo, mwezi wa tisa mifugo inaingia. Nikiwaambia vijana wanaochunga watoke, wananiambia shamba lisilo na zao ni la wote, na kwa desturi ya huku hawajakosea. Kwa nini nisichome na mimi nijue moja?

Mchungaji wa Tambarare

Ng'ombe wanaosemwa hapo huenda ni wetu. Hatuingii kwenye shamba lenye zao, na tukiingia kwenye mabua tunaacha samadi, hilo hamlisemi. Mama wa Kirua analalamika samadi haishuki. Yetu ipo hapohapo chini, bure. Mkitaka tusiingie kwenye ile nusu yenu iliyotandazwa, wekeni miiba kuizunguka na mtuambie mapema, siyo siku ambayo ng'ombe wameshaingia ndipo mnaita mwenyekiti.

Bwana Shamba wa Tambarare

Kwa ndugu aliyekodi: kwa mkataba wa msimu mmoja sina hoja ya udongo ya kukupa. Unyevu wa msimu huohuo utaupata wewe, lakini udongo kujengeka huchukua miaka, na miaka hiyo si yako. Nimewahi kuona watu wawili wakiandikiana miaka mitatu mbele ya mtendaji wa kijiji kwa ajili hiyo, na nimeona pia mwenye shamba akikataa kabisa kusaini.

Kwa ndugu mchungaji: pendekezo la miiba nalichukua. Mabua yakisimamishwa pembeni mwa uzio kuanzia mwezi wa tisa, kama nilivyomweleza mzee wa Kahe, shamba lenyewe linaweza kubaki wazi kwenu kwa yale majani yaliyodondoka, na kinacholindwa ni lundo tu. Je, vijana wako wataliheshimu lundo usiku?

Mchungaji wa Tambarare

Vijana nitawaambia. Ng'ombe sijui.

Mkulima wa Uchira

Mimi nitajaribu upande wa bondeni, karibu robo ekari, upande mwingine nitachoma kama kawaida ili nilinganishe. Nimeshasuka kamba, mafundo yametoka tisini na saba, fundi wa kamba ni mtoto wa darasa la nne. Bwana Shamba, kabla hujaondoka: mashine ya kupandia ya kukokotwa na ng'ombe itapitaje juu ya mabua marefu kiasi hicho? Mwaka jana ya jirani ilikokota lundo lote hadi mwisho wa mstari.

Bwana Shamba wa Tambarare

Kama haina kisu cha duara mbele cha kukata mabua, itakokota tu. Kwa robo ekari pandeni kwa jembe la mkono: nyosheni kamba, sogezeni bua, mstari hadi mstari sentimita 75, shimo hadi shimo sentimita 60, mbegu mbili kila shimo. Mafundo tisini na saba yanatosha, ila kabla ya kutoa asilimia gawanya kwa tisini na saba.